Sifuri Iliyo Katikati: Kuhesabu Njia za Kusoma Herufi Zilizofichwa Katika Namba

Msimbo mwepesi kuliko yote wa kugeuza herufi kuwa namba ni kuzihesabu tu kwa mpangilio wa alfabeti: A ni 1, B ni 2, C ni 3, na kuendelea hadi Z, ambayo ni 26. Kuandika kwa msimbo huu hakumsumbui mtu. Neno KATI lina K ambayo ni 11, A ambayo ni 1, T ambayo ni 20 na I ambayo ni 9. Zikishikanishwa bila kuachiana nafasi hutoka 111209.

Kazi inamwangukia anayepokea. Mkononi ana tarakimu sita zilizobanana, na hakuna alama yoyote ya kumwonyesha herufi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Ile 11 ya mwanzo yaweza kuwa K, na yaweza pia kuwa A mbili. Kabla hata ya kuuliza aliyeandika alikusudia neno gani, kuna swali la kwanza linalojibika kwa hesabu safi: tarakimu hizi zinaweza kusomwa kwa njia ngapi? Mwaka 2004 swali hili lilitolewa katika mashindano ya kanda ya kuandika programu za kompyuta kwa vyuo vikuu vya mashariki ya kati ya Amerika Kaskazini, kwa jina la Alphacode, na tangu hapo limekuwa zoezi la kawaida kwa wanaojifunza fani hiyo. Wengi hulipata jibu lake kwa haraka mpaka wakutane na sifuri katikati ya namba. Hapo ndipo hesabu nyingi huharibika.

Utata wenyewe unatokana na jambo moja. Katika msimbo huu, namba ya herufi moja yaweza kuwa mwanzo wa namba ya herufi nyingine: 1 ni A, lakini pia ndiyo inayoanzisha 10, 11, 12 hadi 19, na 2 ni B, lakini pia ndiyo inayoanzisha 20 hadi 26. Msomaji akiiona 1 hawezi kujua kama herufi imekwisha au bado. Waliopanga namba za simu za kimataifa waliliepuka tatizo hili tangu mwanzo. Kenya ni 254, Tanzania ni 255, Uganda ni 256, na hakuna nchi iliyopewa 25 peke yake. Kwa hiyo mtambo wa simu ukishapokea 255 unajua papo hapo kwamba namba ya nchi imekamilika. Msimbo wa A hadi Z hauna kinga hiyo, na ndiyo maana usomaji wake huzaana.

Huzaana kwa kasi ya kushangaza. Tarakimu 11 husomwa kwa njia mbili, 111 kwa tatu, 1111 kwa tano, 11111 kwa nane, na 111111 kwa 13. Kila jibu ni jumla ya majibu mawili yaliyolitangulia. Mfuatano huu umezoeleka kuitwa kwa jina la Fibonacci, yaani Leonardo wa Pisa, aliyeuandika katika kitabu chake cha mwaka 1202. Lakini Wahindi walikuwa wameufikia kabla yake kwa mlango wa ushairi. Mshairi wa Kiswahili huhesabu kila silabi kuwa mizani moja. Katika ushairi wa Kisanskriti silabi fupi huchukua pigo moja na ndefu mapigo mawili. Mtaalamu Hemachandra, karibu mwaka 1150, aliuliza mshororo wenye idadi fulani ya mapigo unaweza kujazwa kwa njia ngapi za fupi na ndefu. Swali lake ni ndugu wa hili la herufi: kipande cha tarakimu moja ndicho silabi fupi, na kipande cha tarakimu mbili ndicho silabi ndefu. Kilichokuja kulitofautisha swali la herufi ni kwamba si kila kipande kinakubalika.

Tarakimu ya 1 ikirudiwa mara 100, njia za kusoma zinakuwa 573,147,844,013,817,084,101. Hakuna kalamu wala kompyuta itakayoziorodhesha moja moja. Lakini kuzihesabu bila kuziorodhesha ni kazi inayowezekana hata kwa penseli, kwa kutumia mbinu ambayo Mmarekani Richard Bellman aliipa jina na kuijenga kuwa fani katika miaka ya 1950: kugawa tatizo kubwa kuwa vijitatizo vinavyofuatana, na kuandika kando jibu la kila kijitatizo ili lisitafutwe mara ya pili.

Kwa tarakimu za msimbo, mbinu hiyo huanzia mwisho wa usomaji. Kila usomaji, uwe wowote, lazima uishie na herufi moja ya mwisho. Herufi hiyo imetokana na tarakimu moja au na tarakimu mbili. Hakuna njia ya tatu. Ikiwa imetokana na tarakimu moja, basi zilizobaki nyuma yake zinaweza kusomwa kwa njia zote zilizokwisha kuhesabiwa hadi tarakimu iliyotangulia. Ikiwa imetokana na mbili, basi kinachohesabika ni njia zilizofikia tarakimu mbili nyuma. Kwa hiyo jibu la kila nafasi ni jumla ya michango miwili. Mchango wa kwanza ni jibu la nafasi iliyotangulia, nao hutolewa ikiwa tarakimu ya sasa ni kati ya 1 na 9. Mchango wa pili ni jibu la nafasi mbili nyuma, nao hutolewa ikiwa tarakimu ya sasa pamoja na iliyotangulia zinafanya namba kati ya 10 na 26. Sharti lisipotimia, mchango huo ni sifuri.

Hesabu huanza na 1 iliyowekwa kabla ya tarakimu ya kwanza. Wanafunzi wengi huiona 1 hii kama kitu kilichochomekwa tu, lakini ina maana yake: pasipo na tarakimu yoyote kuna njia moja ya kusoma, nayo ni kutosoma kitu. Mtu akiweka 0 badala ya hiyo 1, kila jibu litakalofuata litakuwa 0, maana hakutakuwa na cha kujumlisha.

Sasa irudiwe ile 111209. Tarakimu ya kwanza, 1, ina njia moja: A. Ya pili inaweza kusimama peke yake, hivyo inachukua 1, au kuungana na ya kwanza kuwa 11, hivyo inaongeza 1 nyingine; jumla 2. Ya tatu inachukua 2 na kuongeza 1; jumla 3. Ya nne ni 2: peke yake ni B na inachukua 3, ikiungana na iliyotangulia inakuwa 12, yaani L, na kuongeza 2, jumla 5. Mpaka hapo hakuna tofauti na mfuatano wa Fibonacci.

Halafu inakuja sifuri. Hakuna herufi yenye namba 0, kwa hiyo sifuri haiwezi kusimama peke yake, na mchango wa kwanza unafutika wote. Inabaki njia moja tu, kuungana na 2 iliyotangulia kuwa 20, ambayo ni T. Mchango huo unatoka nafasi mbili nyuma, penye 3. Jibu la nafasi ya sifuri ni 3, si 5 wala 8. Tarakimu ya mwisho ni 9. Peke yake ni I, na inachukua 3. Ikiungana na sifuri inakuwa 09, ambayo si namba kati ya 10 na 26, kwa hiyo haiongezi kitu. Jibu ni 3.

```
tarakimu:       1   1   1   2   0   9
njia:       1   1   2   3   5   3   3
```

Ile kushuka kutoka 5 hadi 3 inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo kiini cha mambo. Tarakimu nne za kwanza, 1112, zina usomaji wa aina tano: AAAB, KAB, AKB, AAL na KL. Katika hizo, tatu za kwanza zimeiacha 2 ya mwisho ikiwa B peke yake. Mbili za mwisho zimeitumia 2 hiyo ndani ya 12 kupata L. Sifuri inapofika inahitaji mwenzi, na mwenzi pekee aliye jirani ni ile 2. Kwa AAAB, KAB na AKB, 2 bado haijafungwa na nyingine. Inaungana na sifuri na B inageuka T, zikawa AAAT, KAT na AKT. Kwa AAL na KL, 2 imekwisha kuchukuliwa na 1. Sifuri inabaki mjane, na usomaji huo unakufa. Kisha 9 inaongeza I kwa waliobaki: AAATI, KATI na AKTI.

Kumbe basi sifuri iliyo katikati haiamui tu kitakachofuata. Inarudi nyuma na kukata sehemu ya usomaji uliokuwa halali dakika moja kabla. Kama mahali pa sifuri pangekuwa na 1, yaani 111219, njia zingekuwa 13. Tarakimu moja imebadilika na 13 zimekuwa 3.

Kuna njia nyingine ya kuona kazi hiyohiyo, na kwa anayehesabu kwa mkono pengine ndiyo bora. Sifuri pamoja na tarakimu iliyo mbele yake kushoto ni jozi iliyofungwa: 10 lazima iwe J, 20 lazima iwe T. Hakuna herufi nyingine katika alfabeti nzima inayoandikwa kwa sifuri. Na kwa kuwa 01 hadi 09 hazikubaliki, sifuri haiungani na kitu cha upande wake wa kulia. Jozi hiyo basi ni ukuta. Kinachotokea kushoto kwake hakigusi kinachotokea kulia, na vipande viwili vikiwa havigusani, njia zake huzidishwa.

Neno MTOTO linaonyesha hili vizuri. M ni 13, T ni 20, O ni 15, kisha tena 20 na 15, na namba nzima ni 1320152015. Msomaji akizungushia duara kila 20, vinabaki vipande vitatu: 13, 15 na 15. Kipande cha 13 husomwa kwa njia mbili, M au AC. Kila 15 husomwa kwa njia mbili, O au AE. Mara mbili, mara mbili, mara mbili ni 8. Anayetaka uhakika anaweza kupita tarakimu kumi zote kwa kanuni ya michango miwili, naye ataishia kwenye 8 ileile. Tarakimu kumi za 1 mfululizo zingekuwa na njia 89. Na 1010101010, ambayo kila jozi yake imefungwa, ina njia moja tu: JJJJJ.

Hilo ndilo jambo linaloifanya sifuri kuwa rafiki wa msomaji wa msimbo kuliko tarakimu nyingine yoyote. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, sifr, lenye maana ya kitu kitupu, na neno hilohilo la Kiarabu ndilo lililopita katika lugha za Ulaya likazaa majina ya maandishi ya siri. Katika msimbo huu, tarakimu hiyo tupu ndiyo pekee isiyoficha lolote. 1 na 2 hudanganya. Sifuri husema wazi mahali herufi inapoishia.

Lakini rafiki huyo anaweza pia kutoa habari mbaya. Ichukuliwe 111309. Hadi tarakimu ya nne mambo ni mazuri, njia 5. Sifuri inapotaka kuungana na 3 inapatikana 30, na alfabeti ina herufi 26 tu. Michango yote miwili ni sifuri, jibu la nafasi hiyo ni 0. Tarakimu ya 9 inayofuata inachukua hiyo 0, na kuungana kwake na sifuri hakukubaliki. Jibu 0 tena. Nafasi mbili zikishakuwa 0 mfululizo, hakuna kitu cha kujumlisha huko mbele, na mstari uliobaki, hata uwe na tarakimu elfu, ni 0 mpaka mwisho. Ndivyo ilivyo pia kwa sifuri mbili zilizofuatana, kama 100, kwa kuwa sifuri ya pili inamkuta mwenzi ambaye naye hana kitu. Na sifuri iliyo mwanzoni kabisa haina wa kuungana naye.

Kutokana na hayo inapatikana kipimo cha haraka kisichohitaji hesabu yoyote. Mtazamaji apitishe macho kwenye kila sifuri na kuangalia tarakimu iliyo kushoto kwake. Kila sifuri ikiwa imetanguliwa na 1 au 2, namba hiyo ina usomaji mmoja au zaidi: jozi zenye sifuri zisomwe kama J na T, na tarakimu nyingine zote zisomwe moja moja. Hata sifuri moja ikikosa sharti hilo, namba nzima haisomeki, na maana yake ni kwamba aliyeandika alikosea, au aliyenakili aliruka au kuongeza tarakimu.

Makosa ya wanaohesabu nayo yana mtindo wake. Lililoenea zaidi ni kuipima jozi kwa upande mmoja tu, yaani kuuliza kama haizidi 26 na kusahau kuuliza kama imefika 10. Kompyuta ikiambiwa igeuze 09 kuwa namba itatoa 9, na 9 haizidi 26, hivyo itaihesabu kama I. Kwa 111209 kosa hilo litaongeza zile njia 5 za 1112 na kutoa jibu 8. Dawa ya kuligundua ni kurudi nyuma: kila usomaji ukiandikwa upya kwa msimbo lazima utoe namba ileile ya mwanzo. Moja ya zile tano za bandia ni AAABI. Ikiandikwa upya inatoa 11129. Sifuri imepotea njiani, na usomaji uliopoteza tarakimu si usomaji wa namba hiyo.

Kosa la pili ni kuiruka sifuri kana kwamba haipo. Anayefanya hivyo hajui kwamba amebadilisha swali: amehesabu 11129, yenye njia 5, badala ya 111209, yenye njia 3. La tatu huwapata wanaoandika programu inayotunza majibu mawili ya mwisho pekee. Wanapofika kwenye sifuri husahau kulianzisha jibu jipya kwa 0, na jibu la nafasi iliyopita linasalia pale na kuhesabiwa kama la sasa. Programu fupi inayokwepa makosa haya matatu inaweza kuandikwa hivi katika lugha ya Python:

```python
def njia(s):
    nyuma, sasa, kabla = 0, 1, ""
    for d in s:
        mpya = 0
        if d != "0":
            mpya += sasa
        if kabla == "1" or (kabla == "2" and d <= "6"):
            mpya += nyuma
        nyuma, sasa, kabla = sasa, mpya, d
    return sasa
```

Mstari wa `mpya = 0` ndio unaobeba mzigo wa sifuri. Kila tarakimu inaanza ikiwa haina njia hata moja, na inapewa njia pale tu inapozistahili. Jozi haigeuzwi kuwa namba. Programu inaangalia tu kama tarakimu iliyotangulia ni 1, au ni 2 na ya sasa haizidi 6. Kwa hiyo 09 haipati mlango wa kuingilia. Anayetaka kuijaribu anaweza kuipa namba chache fupi: 10 itoe 1, 06 itoe 0, 27 itoe 1, 2101 itoe 1, na 230 itoe 0. Programu yenye kasoro katika sifuri mara nyingi hujikwaa kwenye mojawapo ya hizo.

Kuna mpaka mmoja wa kukumbukwa katika lugha za kompyuta zinazotunza namba kwa biti 32. Namba kubwa kabisa inayoingia humo, pamoja na alama ya kujumlisha au kutoa, ni 2,147,483,647. Tarakimu 45 za 1 zina njia 1,836,311,903, na bado zinaenea. Ikiongezwa moja tu, njia zinakuwa 2,971,215,073, na jibu linafurika na kutoka likiwa si sahihi. Python haina tatizo hilo, kwa kuwa huongeza nafasi yenyewe kadiri namba inavyokua.

Anayetaka ujumbe wake usomwe kwa njia moja tu hana haja ya hesabu hii. Aandike kila herufi kwa tarakimu mbili, A ikiwa 01 na I ikiwa 09, na anayepokea akate kila baada ya mbili. KATI inakuwa 11012009, tarakimu nane badala ya sita, na haina usomaji mwingine.